Mhadhara katika ukurasa mmoja: namna ya kuchora muhtasari kwa picha nyepesi, visanduku na mishale

Mhadhiri anayezungumza kwa mwendo wa kawaida hutamka maneno 100 na zaidi kwa dakika moja, ilhali mkono wa mwanafunzi hauandiki hata 30 kati ya hayo, na ndiyo maana anayejaribu kunakili kila neno huachwa nyuma mapema sana na kutoka ukumbini na vipande vya sentensi ambavyo yeye mwenyewe hawezi kuviunganisha. Muhtasari wa picha, ambao wengine huuita skechinoti, huenda njia nyingine. Mwandishi husikiliza kwa muda, huchagua maneno machache, huchora kitu kinachotajwa kwa mistari ya haraka, kisha huonyesha kwa mshale kitu hicho kinafanya nini kwa kitu kingine. Picha hutaja vitu, kisanduku huhifadhi maana, na mshale hubeba hoja yenyewe. Kwa maoni yangu mshale ndio unaostahili kujifunzwa kuliko vyote, kwa sababu ukurasa wenye picha nzuri na mishale mibovu haumsaidii mtu siku ya kurudia masomo.

Nitaeleza hatua zote kwa kufuata mhadhara mmoja wa jiografia ambao nimeuchora mara kadhaa na wanafunzi wangu: kwa nini pwani ya Afrika Mashariki hupata mvua mara mbili kwa mwaka, yaani masika na vuli, wakati maeneo ya kusini mwa Tanzania kama Songea hupata msimu mmoja tu.

Kabla ya kuingia ukumbini

Chukua karatasi nyeupe ya A4 isiyo na mistari na uilaze, ili upana uwe sentimita 29.7 na kimo kiwe 21. Karatasi iliyolala ina nafasi ya kusogea kushoto na kulia, na mambo mengi ya mihadhara husogea hivyo: jambo la kwanza huzaa la pili, Januari huenda kwenye Desemba. Upande wa kulia acha ukanda wa upana wa vidole vitatu usioandikwa kitu, kwa ajili ya maswali. Kalamu moja nyeusi ya wino inatosha, pamoja na penseli moja ya rangi ambayo haitatumika mpaka mhadhara umalizike. Nimeona wanafunzi wakija na kalamu nane za rangi, na kila walipobadilisha kalamu walikosa sentensi nzima ya mhadhiri.

Mada ikijulikana mapema, kaa dakika 10 ufanye mazoezi ya picha ambazo huenda zikahitajika. Kila picha ijengwe kwa nukta, mstari, duara, mraba na pembetatu, wala isichukue zaidi ya sekunde 5. Jua ni duara lenye vijistari sita. Wingu ni matao matatu juu ya mstari mmoja, na mvua ni vijistari vitatu vilivyolala chini yake. Jahazi ni nusu ya duara iliyobeba pembetatu moja. Mtu ni duara dogo juu ya mstari. Picha ikikuchukua muda mrefu zaidi ya huo, andika neno lenyewe na ulizungushie duara, kwa sababu anayepamba tanga la jahazi lake wakati mhadhiri anaendelea kuzungumza amekwisha kukosa sababu ya jahazi hilo kutajwa.

Dakika za mwanzo: sikiliza umbo la mhadhara

Andika kichwa cha mada, tarehe na swali kuu, kisha usichore kitu kingine kwa dakika tano hivi. Muda huo ni wa kutambua mhadhara una umbo gani, maana kila umbo lina mahali pake pa kuanzia kwenye karatasi. Mhadhiri akisema "kuna aina tatu", utahitaji shina na matawi. Akisema "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine", gawa ukurasa kwa mstari wa katikati. Akirudia "kwa sababu" na "matokeo yake", utahitaji mnyororo wa visanduku. Akitaja miezi, siku au hatua zinazorudi mwanzo, huo ni mzunguko au ni safari ya wakati.

Katika mhadhara wetu dalili zilikuwa mbili kwa pamoja. Mhadhiri alianza kwa kueleza jinsi mvua inavyotokea, na hilo ni mnyororo wa sababu. Kisha akasema kwamba jua halikai mahali pamoja mwaka mzima, na hilo ni safari ya wakati. Hapo ukurasa ukagawanyika wenyewe: ukanda mwembamba chini ya kichwa kwa ajili ya mnyororo, na nafasi yote iliyobaki kwa ajili ya miezi 12. Makadirio hayakuwa magumu, kwani ukitoa ukanda wa maswali unabaki na sentimita 24 hivi, yaani sentimita 2 kwa kila mwezi.

Visanduku na mnyororo wa sababu

Kisanduku kitumike kwa kitu kinachostahili kusimama peke yake: fasili, jina la kipengele, au hitimisho ambalo mhadhiri amelirudia. Mwanafunzi anayezungushia kila neno kisanduku amejinyima njia ya kujua lililo kubwa na lililo dogo. Mimi hujiwekea mpaka wa visanduku sita kwa ukurasa, na kila kisanduku kikiwa na maneno yasiyozidi matano. Andika maneno kwanza, ndipo uyazungushie mistari, kwa sababu ukianza na kisanduku maneno hayatakitosha na yatabanana pembeni.

Mnyororo wetu una visanduku vitano vilivyopangwa kutoka kushoto: jua la utosi, ardhi na bahari, hewa, pepo mbili, mvua. Ukiunganisha visanduku hivyo kwa mishale mitupu, utapata msafara wa majina tu, na baada ya wiki mbili hutakumbuka hewa ilihusikaje na pepo. Kwa hiyo juu ya kila mshale andika kitenzi kimoja au viwili. Jua la utosi *hupasha joto* ardhi na bahari. Ardhi na bahari *huinua* hewa iliyo juu yake. Hewa inapopanda huacha mgandamizo mdogo nyuma yake, na hivyo *huvuta* pepo mbili, moja kutoka kaskazini na nyingine kutoka kusini. Pepo hizo *hukutana na kupanda*, mvuke wake hupoa, na matokeo ni mvua. Mtu anayesoma ukurasa huo kwa sauti anasoma sentensi kamili, ingawa hakuna hata sentensi moja iliyoandikwa.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba mshale ambao siwezi kuupatia kitenzi ni mshale ambao sijauelewa. Sikisii. Ninauchora kwa nukta nukta, ninaweka alama ya kuuliza, na swali lake ninaliandika kwenye ukanda wa kulia.

Mishale isichanganywe

Hapa ndipo nilipowahi kuharibikiwa mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi. Nilikuwa nimechora upepo kwa mshale, sababu kwa mshale, na mwendo wa miezi kwa mshale, yote ikiwa myembamba na ya wino uleule. Mdogo wangu aliutazama ukurasa huo akaniuliza, "Dada, huu unaotoka kwenye jua kwenda kwenye wingu ni upepo, ni mwanga, au ni sababu?" Nilishindwa kumjibu, na mtihani ulikuwa kesho yake.

Tangu hapo ninatumia mishale ya aina tatu, na maana zake ninaziandika kwenye kona ya chini ya ukurasa kabla mhadhara haujakolea. Kitu kinachosogea kweli, kama upepo, maji au watu, hupewa mshale mnene wenye mistari miwili na tumbo tupu. Sababu hupewa mshale mwembamba wenye kitenzi juu yake. Wakati hupewa mshale wa vipande vipande. Mtu wa biolojia atatumia ule mnene kwa damu au chakula, na mtu wa historia atautumia kwa misafara na majeshi.

Upepo una mtego wake ambao inafaa kuutaja, kwa sababu huwanasa hata wanafunzi makini. Upepo huitwa kwa mahali unakotoka, ilhali kichwa cha mshale huonyesha mahali unakokwenda. Kaskazi hutoka kaskazini, na ndiyo iliyoupa upande huo jina lake, kwa hiyo mshale wa kaskazi huelekea chini ya karatasi. Kusi hutoka kusini, na mshale wake huelekea juu. Andika jina kwenye mkia wa mshale, mahali upepo unapoanzia, na utata utakwisha.

Mchoro mkuu, mstari kwa mstari

Mhadhiri alipotaja Ikweta, nilipiga mstari mmoja wa wino katikati ya nafasi iliyobaki, kutoka Januari hadi Desemba. Kiasi cha sentimita 6 juu yake nikapiga mstari wa nukta kwa Tropiki ya Kansa, na umbali huohuo chini yake nikapiga wa Tropiki ya Kaprikoni. Kila tropiki iko nyuzi 23.5 kutoka Ikweta, kwa hiyo sentimita 1 ni karibu nyuzi 4. Chini ya mchoro nikaandika herufi ya kwanza ya kila mwezi.

Kisha nikaweka majua manne madogo. Mnamo tarehe 21 Machi jua la utosi liko Ikweta, Juni 21 liko Kansa, Septemba 23 limerudi Ikweta, na Desemba 22 liko Kaprikoni. Nikayaunganisha kwa mshale wa vipande vipande, kwa kuwa huo ni mwendo wa wakati, na mara likatokea wimbi moja kubwa linalopanda na kushuka. Tazama kwamba hadi hapo sijaandika neno lolote isipokuwa majina ya mistari na miezi.

Mhadhiri akaendelea kueleza kwamba ukanda wa mawingu, yaani mahali pepo mbili zinapokutana, hulifuata jua lakini huchelewa, kwani bahari na ardhi huchukua muda kupata joto, na tena ukanda huo haufiki mbali kama jua lenyewe. Sentensi hiyo ndefu iliingia kwenye karatasi kwa mstari mmoja tu: wimbi la pili, lililochorwa kwa matao ya mawingu, lenye vilima na mabonde mafupi kuliko lile la jua, na lililosogezwa kulia kwa zaidi kidogo ya sentimita 2, yaani zaidi kidogo ya mwezi mmoja. Juu ya nafasi iliyo kati ya mawimbi hayo mawili niliandika neno "huchelewa".

Sasa Dar es Salaam. Mji huo uko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo nilipiga mstari wake sentimita 2 hivi chini ya Ikweta, ukavuka ukurasa mzima. Mstari huo unakatwa na wimbi la mawingu mara mbili. Mara ya kwanza ni mnamo Aprili, ukanda ukiwa unapanda kwenda kaskazini, na hapo nikachora vijistari vya mvua na kuandika "masika". Mara ya pili ni mnamo Novemba, ukanda ukiwa unashuka, nikaandika "vuli". Jibu la swali la mhadhara lilikuwa limesimama pale karatasini kama makutano mawili ya mistari. Wimbi la jua lenyewe linaukata mstari huohuo mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, na umbali kati ya makutano ya jua na makutano ya mawingu ndio ule uchelewaji, unaoweza kupimwa kwa rula.

Mwanafunzi mmoja akauliza kuhusu Songea. Mhadhiri alijibu kwa maneno mengi, lakini mchoro ulihitaji mstari mmoja zaidi, chini ya ule wa Dar es Salaam, karibu na nyuzi 11 kusini. Mstari huo unapita karibu na bonde la wimbi la mawingu. Ukanda ukishaushukia mwishoni mwa mwaka hauendi mbali sana kabla haujarudi, kwa hiyo makutano mawili yanakaribiana hadi kuungana kuwa msimu mmoja mrefu, ambao huko hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa kuwa ukurasa wangu unaanza Januari, msimu huo umekatwa, nusu yake ikiwa upande wa kushoto na nusu upande wa kulia, na nilibidi niweke alama ya nyota pande zote mbili kuonyesha kwamba ni kitu kimoja. Mtu wa Songea angefanya vizuri zaidi kuanza ukurasa wake na Julai.

Mwisho zikaja pepo, na hapo mishale minene ikafanya kazi yake. Kwa kuwa pepo huelekea kwenye ukanda wa mawingu, kila mshale mnene lazima ulielekee lile wimbi la pili. Mnamo Januari wimbi liko chini ya mstari wa Dar es Salaam, kwa hiyo mshale unaelekea chini: hiyo ni kaskazi, ambayo ilileta majahazi kutoka Uarabuni. Mnamo Julai wimbi liko juu, mshale unaelekea juu: hiyo ni kusi, iliyoyarudisha. Nilichora jahazi moja dogo kwenye kila mshale. Na pale wimbi linapoukata mstari, pepo hazina msimamo, nacho ndicho kipindi ambacho mabaharia hukiita tanga mbili. Mishale yote miwili niliipinda kidogo, kwa sababu mzunguko wa dunia huusukuma upepo kulia katika nusu ya kaskazini na kushoto katika nusu ya kusini, na hivyo kaskazi huja ikitokea kaskazini mashariki na kusi huja ikitokea kusini mashariki.

Ukiachwa nyuma

Itatokea mhadhiri akimbie. Usimfukuze. Acha nafasi wazi yenye ukubwa wa kisanduku, andika ndani yake saa ya ukutani, kwa mfano 4:35, kisha uendelee na anachosema sasa. Baadaye mwulize mwenzako mlikuwa wapi saa hiyo, au sikiliza rekodi kama ipo. Nafasi wazi yenye saa ni rahisi kuijaza kuliko mchoro uliobuniwa kwa haraka, kwa kuwa mchoro uliobuniwa unaonekana sawa na mchoro wa kweli, na hakuna kitakachokuonya.

Yapo pia mambo yasiyofaa kuchorwa. Fomula, kifungu cha sheria, fasili ambayo mtihani unaitaka neno kwa neno, na mchoro rasmi wa moyo au wa mashine ambao kila sehemu ina mahali pake: hivyo vinakiliwe kama vilivyo kwenye karatasi ya pili, na kwenye ukurasa wa picha iwekwe namba tu ya kurejelea. Mhadhara wa mjadala, ambao thamani yake iko katika maneno halisi ya wanaobishana, nao huteseka ukigeuzwa picha.

Siku hiyohiyo, kabla ya kulala

Rudi kwenye ukurasa ukiwa na ile penseli ya rangi moja. Rangi itiwe mahali pamoja tu, kwenye jibu la swali kuu, ambalo kwetu ni yale makutano mawili ya masika na vuli. Ukitia rangi mahali patano, jicho halitajua pa kuanzia. Kisha pitia mishale myembamba mmoja baada ya mwingine ukiusoma kwa sauti pamoja na kitenzi chake, na kila unaposita, weka alama.

Baada ya hapo funika maandishi yote kwa vipande vya karatasi, uache picha na mishale tu, na umweleze mtu mwingine mhadhara mzima. Mtu asiyesoma somo hilo anafaa zaidi, kwa sababu atauliza pale ambapo mwenzako wa darasani angetikisa kichwa. Mahali unapolazimika kuchungulia neno lililofunikwa, mshale wa hapo una kasoro: aidha kitenzi chake ni chepesi mno, kama "huhusu" au "huathiri", au kuna kisanduku kilichorukwa. Kwangu kilichokosekana kilikuwa kati ya "pepo mbili" na "mvua", ambapo nilikuwa nimeandika "huleta". Nilikifuta, nikaweka "hukutana, hupanda, hupoa", na mdogo wangu hakuniuliza tena kwa nini upepo wenyewe usilete mvua kila siku unapovuma.

Usiunakili ukurasa upya kwa ajili ya usafi. Kama nafasi imekwisha, bandika kipande cha karatasi pembeni kwa gundi na uandike nyuma yake tarehe na namba ya mhadhara, ili maswali ya ukanda wa kulia yatakapojibiwa katika kipindi kijacho ujue yarudishwe wapi.